Kolamu 11 za VAT kwenye faili moja! Mnaotoa data za ankara, mnatukomoa?

Leja_Imeungua:
Wakuu, leo salamu fupi. Nimefungua CSV ya ankara za mwezi, sapulaya hawafiki 30, kolamu ziko 41. Kati ya hizo, 11 ni za VAT: `VAT`, `V.A.T`, `VAT 18%`, `Kodi`, `TAX AMT`, na nyingine zimetofautiana nafasi tu mwishoni mwa jina. Sapulaya akija na neno lake, mtu anafungua kolamu mpya. Sasa VAT ya mwezi niipate wapi? Nijumlishe kolamu 11 huku naomba Mungu nisisahau moja?

Kolamu inaitwa kwa maana ya kitu, haiitwi kwa neno alilochapa sapulaya. Aandike "Kodi", aandike "Tax", ni `vat`. Orodha ya majina yake inakaa pembeni, kwenye jedwali la kutafsiri, haiingii kwenye faili.

Kituko cha pili kinauma zaidi. Ankara ina mifuko 40 ya simiti kwa 17,000 na nondo 25 kwa 24,000. Simiti 680,000, nondo 600,000, jumla 1,280,000, VAT 230,400, jumla kuu 1,510,400. Mtoa data kaweka mistari miwili, na kwenye kila mstari kaandika jumla kuu 1,510,400. Ukijumlisha kolamu unapata 3,020,800. Hapo ni mistari miwili tu, fikiria ankara ya vipuri yenye mistari 60!

Kijana wa Stoo:
Mkuu punguza presha. Jumla kuu iandikwe kwenye mstari wa kwanza wa ankara tu, mingine iachwe wazi. Kwisha habari.

Leja_Imeungua:
Inafanya kazi mpaka mtu achuje "simiti" peke yake, au achuje "nondo". Akichuja nondo, jumla imebaki kwa simiti. Halafu mistari ikipangwa upya kwa bei, huo "mstari wa kwanza" utaujuaje?

Bi Hesabu:
Mwanangu wa stoo hajakosea sana, ameona tatizo ila amelifunika kwa kanga. Humo kuna vitu viwili tofauti, ankara na mistari ya ankara, kwa hiyo faili ni mbili. Mimi naziweka hivi:

```
ankara.csv
id,tin,namba,tarehe,sarafu,aina,jumla_bila_vat,vat,jumla_kuu

mistari.csv
id,mstari,maelezo,idadi,kipimo,thamani_bila_vat,hali_vat,kiwango_vat
```

`id` ndiyo kamba inayoziunganisha. Msitumie namba ya ankara peke yake, maana "0017" wanayo sapulaya wengi. Unganisha TIN, namba na mwaka, kwa sababu wapo wanaorudi 0001 kila Januari.

Na hizo sifuri za mbele zilindeni. CSV ukiibofya mara mbili, Eksel inaifanya 0017 kuwa 17, ukihifadhi ndiyo imetoka hiyo. Ingizeni faili kupitia menyu ya data na mzitaje kolamu ya `namba` na ya `tin` kuwa ni maandishi.

Mzigo Kamili:
Samahani wakuu, mimi nina duka la vifaa, nahitaji kitabu cha ankara chenye nembo yangu. Hizo kolamu naweza kuchapisha kwa A5?

Leja_Imeungua:
Ndugu, hapa tunasoma ankara za watu, hatuchapishi. Ila ukichapisha, tafadhali andika wazi kama bei zako zina VAT ndani au hazina. Utatuokoa.

Kijana wa Stoo:
Sasa hilo la VAT ndani ndilo rahisi. Chukua jumla, zidisha kwa 0.18, toa.

Bi Hesabu:
La, la, la. Ndoo 12 za rangi kwa 59,000 yenye VAT ndani ni 708,000. Ukizidisha kwa 0.18 unapata 127,440. VAT ya kweli ni 708,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 108,000, na thamani bila VAT 600,000. Umemzidishia mtu 19,440 kwenye ankara moja.

Na usiibadilishe bei ya kimoja kwanza halafu ukazidisha. Kitu cha 10,000 kilicho na VAT ndani, ukigawanya kwa 1.18 unapata 8,474.58. Mtu akikata iwe 8,475 na idadi ni 700, anazidi karibu shilingi 300. Anza na thamani ya mstari mzima, ndiyo maana kwenye faili langu kolamu ya bei ya kimoja haipo. Wanaoitaka wagawanye wenyewe.

Nairobi Ledger Mtaani:
Habari zenu. Huku Kenya VAT ni 16%, kwa hivyo msiandike 18 ndani ya programu yenyewe, wacheni ikae kwa `kiwango_vat`. Na hapo `tin`, sisi tuna PIN ya KRA, inaanza na herufi na kuisha na herufi, kwa hivyo ikiwekwa kama namba inakataa.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni sarafu. Karatasi imeandikwa "Sh 45,000". Ni ya Kenya, Tanzania ama Uganda? Kolamu ya `sarafu` ijazwe KES, TZS au UGX, na ishara iliyo kwa karatasi isiamue peke yake. Angalia namba ya kodi ya sapulaya na anwani yake.

Leja_Imeungua:
Umenena. Ongeza sapulaya wa Lubumbashi wanaoandika 1.250,00. Programu ikiondoa koma zote bila kuangalia, nukta inabaki ndiyo ya desimali, na 1.250,00 inageuka 1.25. Sheria yangu: alama ya mwisho ikifuatwa na tarakimu mbili ni ya desimali, ikifuatwa na tatu ni ya maelfu. Haikosi kukosea, ila hesabu itaiumbua: `jumla_bila_vat` + `vat` isipolingana na `jumla_kuu`, ankara inarudi kwa binadamu.

Bi Hesabu:
Hesabu haitaiumbua kama namba zote tatu zimeharibika kwa namna moja. 1.25 na VAT yake na jumla yake zitalingana vizuri kabisa. Linganisha pia na ankara zilizopita za sapulaya huyo huyo.

Na jamani, sifuri si nafasi tupu. Kuna VAT ya kiwango cha sifuri, kuna bidhaa yenye msamaha, na kuna karatasi iliyofifia hadi haikusomeka. Zote mnaandika 0! `hali_vat` iseme KAWAIDA, SIFURI au MSAMAHA. Isiposomeka, acheni tupu.

Kijana wa Stoo:
Nimekubali, nimekubali. Na tarehe 03/04/2024?

Leja_Imeungua:
Kwenye faili anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: ikiwa ni 3 Aprili, iwe 2024-04-03. Kujua siku ni ipi, tafuta ankara nyingine ya sapulaya huyo yenye siku inayozidi 12. Ukiona 04/17/2024, basi huyo anaanza na mwezi, na ile ya kwako ni 4 Machi. Asipokuwa na nyingine, iache tupu na tunza maandishi ghafi kwenye kolamu `tarehe_ghafi`.

Nairobi Ledger Mtaani:
Swali: punguzo la 50,000 chini ya ankara, na mistari mingine ina VAT, mingine imesamehewa. Linaenda wapi?

Bi Hesabu:
Mimi naligawa kwa uwiano wa thamani ya kila mstari.

Leja_Imeungua:
Mimi nalifanya mstari wake wenyewe, hasi, ili lilingane na karatasi.

Nairobi Ledger Mtaani:
Na `hali_vat` ya huo mstari hasi ni gani sasa?

Leja_Imeungua:
Ndipo ninapokwama. Kwa sasa naukata mara mbili, kimoja KAWAIDA kimoja MSAMAHA.

Bi Hesabu:
Na vipande hivyo viwili unavikata kwa uwiano gani, mwanangu?