Ushauri: majina ya ufalme wangu wa jangwani yanasomeka kama abiria wa basi moja wasiojuana

KalamuKavu (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Naandika riwaya ya ufalme wa kubuni ulioko jangwani. Hadithi inakwenda, tatizo ni majina. Nina majina 23 kwenye ramani na koo sita. Juzi nimempa rafiki sura tatu za mwanzo, akaniuliza, "Hawa watu wote ni wa nchi moja?" Nilikosa jibu.

Haya ni baadhi. Mji mkuu ni Zahkareth, malkia ni Mirwen, ngome ya mpakani ni Al-Qasur, oasisi kubwa ni Vel'shaar, mto unaopita katikati ni Tenotitu, na waziri msaliti ni Gorfik. Kila moja nililipenda siku nilipolibuni. Nikiyaweka pamoja, kila moja linatoka kwake.

Nifanyeje yawe ya utamaduni mmoja bila kuunda lugha nzima? Sina miaka kumi ya kufanya hivyo.

Bingwa_Simulizi

Mkuu, hilo ni dogo sana. Chagua mwisho mmoja, kwa mfano "-ar", ubandike kila jina: Zahkar, Mirar, Qasar, Velar. Msomaji atajua papo hapo hawa ni ndugu. Ukiona uvivu, chukua majina ya Watuareg wa Sahara, badilisha herufi mojamoja, basi. Mimi ndivyo nifanyavyo.

Jirani7

Jangwani hakuna mito. Toa huo mto kwanza ndipo tuzungumze majina.

KalamuKavu

@Jirani7 mto wangu una maji wiki tatu kwa mwaka, muda uliobaki ni mchanga mtupu. Lakini sikuuliza jiografia, ndugu yangu.

Mzee_wa_Visima

Jirani7 amekosea swali ila amegusa penyewe, nitarudi kwake.

Bingwa yuko sawa nusu. Marudio ndiyo yanayofanya majina yawe ya ukoo mmoja, lakini si marudio ya mkia. Ukiwa na Mirar, Qasar na Velar kwenye sura moja, msomaji akifika ukurasa wa hamsini atakuwa anamchanganya malkia na ngome. Kinachotakiwa kurudi ni sauti, na yale maneno madogo yanayojenga majina.

Anza na sauti. Chukua karatasi uandike herufi ambazo watu wako wanazo, na muhimu zaidi, zile ambazo hawana. Tuseme konsonanti zao ni b, d, h, k, l, m, n, r, s, sh, t na y. Irabu ni a, i, u tu. Hakuna p, v, f, g wala z. Silabi inaweza kufungwa na l, n, r au sh, si nyingine. Kazi hii ni ya nusu saa, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kazi yote, kwa sababu sikio la msomaji linashika kinachokosekana hata kama hawezi kukuambia ni nini.

Sasa pitisha orodha yako hapo. Zahkareth inaanguka kwa z, e na th. Vel'shaar inaanguka kwa v, na hicho kikoma cha juu kinafanya kazi gani? Sisi kwenye ng'ombe kipo kwa sababu ukikitoa, neno linasomeka vingine. Chako kikitolewa hakibadiliki kitu, basi ni pambo. Al-Qasur inambeba msomaji moja kwa moja hadi Uarabuni halisi kwa sababu ya hiyo "Al-". Lakini Gorfik usimguse! Mfanye mgeni, au mtoto wa mama mgeni. Ukishaweka sheria, jina linalozivunja linakuwa habari: msomaji atahisi huyu si wa hapa kabla hujasema.

KalamuKavu

Mzee, hiyo ya Gorfik imenitoa jasho. Kwenye sura ya kumi na mbili ndipo inagundulika alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na sikuwa nimepanga jina limtangulie. Endelea tafadhali.

Mzee_wa_Visima

Hatua ya pili ni maneno madogo. Kwa ramani ya majina 23 huhitaji zaidi ya maneno kumi na tano hivi, na yawe ya vitu ambavyo mtu wa jangwani anaviona au anavitafuta. Nakupa manne: *tal* ni kisima, *mur* ni chumvi, *rish* ni kivuli, *dir* ni korongo la mto mkavu. (Ndiyo maana nilisema Jirani7 amegusa penyewe. Watu wa jangwani hawana sababu ya kuwa na maneno matano ya mto unaotiririka, ila ya mto uliokauka wanayo.)

Kisha amua mpangilio na usiuvunje: kitu kwanza, sifa baadaye. Talmur ni kisima cha chumvi. Talrish ni kisima chenye kivuli. Dirmur ni korongo la chumvi. Msomaji akikutana na Talmur sura ya kwanza na Talrish sura ya nne, atajua bila kuambiwa kwamba Tal- ni kitu fulani. Angalia ramani ya Sahara: In Salah na In Guezzam ziko Algeria, In Gall iko Niger. Hujui lugha yao, lakini ile "In" inayorudi imekwambia hapa pana watu wenye namna yao ya kuita mahali.

Hapo ndipo namkatalia Bingwa. Chukua ujenzi, usichukue maneno. Ukibadilisha herufi moja kwenye jina la watu halisi, msomaji anayetoka huko atalitambua, na atataka kujua kwa nini mji wa babu yake una mfalme mla watu.

Koo zitoke humohumo. Watuareg wanasema Kel Ahaggar, Kel Ayr, na hiyo "Kel" ni "watu wa". Wako wape neno lao, tuseme *sha*. Ukoo unaomiliki kisima cha Talmur ni Shatalmur. Mtoto wa fulani iwe *ti*: Hadur ti Kinash, Shatalmur. Kwa jina hilo moja mtu yeyote kwenye hadithi anajua baba yake ni nani na anakunywa maji ya wapi.

Bingwa_Simulizi

Nakubali kuhusu mkia. Ila majina yote ya wazi hivyo yatachosha, yatakuwa kama vibao vya barabarani. Kisima cha hiki, kisima cha kile.

Mzee_wa_Visima

Hapo umesema kweli tupu. Dawa yake ni kuyachakaza. Jina linalotajwa kila siku linalika kama kizingiti. Mji mkuu wenu ulianza kama Talrishul, kisima cha kivuli kikongwe, *ul* ikiwa ni kongwe. Ulimi wa watu umeusaga hadi ukawa Tarshul. Hakuna mwenyeji anayekumbuka kuna kisima humo ndani. Vijiji vya mbali vibaki wazi, Talmur, Dirmur, kwa sababu havitajwi sana. Chakaza matatu au manne tu, miji mikubwa na mto.

Na kama ufalme wako uliwahi kutekwa, acha jina moja la wenyeji wa zamani, hasa la mto. Mto Guadiana, kule Hispania na Ureno, Warumi waliuita Anas. Wakaja wasemaji wa Kiarabu wakaweka *wadi* mbele. Leo tukisema "Mto Guadiana" tunasema mto mara mbili na hakuna anayejali. Hata "Jangwa la Sahara" ni hivyo hivyo. Kwa hiyo Tenotitu yako inaweza kupona: iite Dirtinutit, wenyeji wapya wameweka *dir* mbele ya jina wasilolielewa.

BintiWino

Naomba niingilie na yaliyonikuta. Mimi niliunda majina kwa sheria kama hizi, yakapendeza, nikaandika sura tisa. Siku namsomea dada yangu kwa sauti, akacheka hadi akakaa chini. Jina la jemadari wangu, ukilitamka haraka pamoja na neno "wa" lililotangulia, lilikuwa tusi zito. Sheria za sauti hazikuoneshi hilo. Soma kwa sauti, kila jina ndani ya sentensi.

Jambo la pili, mleta mada anaandika kwa Kiswahili na watu wanasahau Kiswahili chenyewe kinaingilia. Akimfanya Mirwen awe "Miruni", mimi nasoma "kwenye Miru". Ile -ni inafanya malkia awe kituo. Vilevile jina linaloanza na Wa- au Ki- jicho linaligawanya lenyewe.

KalamuKavu

Dada BintiWino, ningemwita Miruni kweli! Nilikuwa nimeshaandika. Sasa ni Mirun. Lakini umenifungulia swali jingine: watu wa ukoo niwaite Shatalmur au Washatalmur?

BintiWino

Mimi ningesema Washatalmur, sentensi inatembea vizuri zaidi: "Washatalmur walikuja usiku."

Mzee_wa_Visima

Mimi sikubali. *Sha* tayari ni "watu wa". Unaweka watu juu ya watu.

BintiWino

Mzee, si wewe uliyesema Mto Guadiana ni mto mara mbili na hakuna anayejali?

Mzee_wa_Visima

😄 Umenishika. Bado sikubali, lakini umenishika.

Jirani7

Malkia anarithi kwa baba au kwa mama? Maana "ti Kinash" ni jina la baba. Kama ufalme unapita kwa mama, jina linasema uongo.

Mzee_wa_Visima

Swali zuri kuliko langu lolote humu. Kwa Kel Ahaggar uongozi ulirithiwa upande wa mama. Anaweza kuwa na *ti* kwa baba na neno jingine kwa mama, na mtu akijitambulisha achague lipi la kutaja. Lakini hilo la kuamua ni la mwandishi.

KalamuKavu

Sijaamua. Nikimpa Mirun jina la mama, kile kipande cha kugombea kiti kinabadilika chote.

Leo jioni nimefanya jaribio. Nimeandika majina kumi kwenye vikaratasi, matano ya ufalme na matano ya adui wao wenye g, f na p nyingi, nikamwomba yule rafiki ayagawe mafungu mawili bila maelezo. Amepatia tisa. Alilokosea ni Dirtinutit, amelipeleka kwa adui.

Mzee_wa_Visima

Hilo si kosa. Lile kweli si jina lao, nusu yake.

KalamuKavu

Na kuna ukoo mmoja, Shatalrish, wanaoishi mbali na kisima chochote. Nilitaka kuubadilisha jina, nikaacha. Talrish kitakuwa kimekauka enzi za babu zao, nao bado wanajiita watu wake. Sura ya pili naiandika upya kuanzia hapo.