Hadithi yangu ya stendi ya jioni imeharibiwa: binti wa miaka 15 kapandishwa gari la mtu asiyemjua!

DadaWaSinza (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Kuna jarida la vijana, jina naliacha, lilitoa picha na kuomba hadithi fupi ya wasomaji wa miaka 13 hadi 17. Picha ni stendi ya daladala Makumbusho, Dar, jua linazama. Magari yamebanana, watu wamejazana mlangoni, jamaa mmoja kaingiza nusu ya mwili dirishani. Pembeni kabisa kulia, ukiikuza, kuna wanafunzi watatu wa sekondari wamesimama na mabegi yao. Hawasukumani na mtu.

Hao ndio niliowaandikia. Anayepanda daladala Dar anajua kwa nini hawasukumani. Nauli ya mwanafunzi ni 200. Jioni gari linafika stendi siti zimeshakaliwa na watu wazima waliogeuza nalo kutoka vituo vya nyuma, na konda anasimama mlangoni: "Wanafunzi wawili tu!" Wawili wakishaingia, waliobaki wanasubiri gari linalofuata, na lile nalo hivyo hivyo.

Binti wangu anaitwa Zuhura, kidato cha pili, anakaa Gongo la Mboto. Ufunguo wa nyumba anao yeye, na mdogo wake wa darasa la tatu amekaa nje kibarazani tangu alasiri. Hiyo tu ndiyo shida yake. Sikumpa ugonjwa wala baba mlevi. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na nusu saa baadaye kibao cha gari hukisomi bila taa. Kwa hiyo giza ndilo saa ya hadithi nzima. Mwanzo Zuhura anasoma "G/Mboto" kutoka mbali. Katikati anasubiri gari lisogee ndipo asome. Mwishoni anategemea sauti ya mpiga debe.

Magari matatu yanamwacha. Anaazima khanga kwa mama muuza karanga, anaifunga juu ya sare, anapanda kama mtu mzima. Gari liko katikati ya foleni, konda anapita akigonganisha sarafu mkononi. Zuhura anafungua khanga, sare inaonekana, anatoa 200. Abiria wanagawanyika, nusu wanamtetea, nusu wanamwita mjanja wa mjini. Nikaishia hapo, kiganja cha konda kikiwa bado wazi.

Sasa sikilizeni walichochapisha, kwa jina langu.

Aya ya kwanza wameandika upya: "Ilikuwa jioni tulivu, jua likizama kwa madaha, na kituo kilifurika watu wa kila aina." Picha iko juu ya ukurasa huo huo! Msomaji ameshaiona, unamsimulia ya nini? Mdogo mtu na ufunguo wameondolewa. Khanga imeondolewa, eti "inafundisha udanganyifu". Badala yake anakuja "mama mmoja mwenye gari zuri", anamwona Zuhura analia (wangu halii popote), anamwambia apande amsogeze nyumbani. Anapanda. Mwisho: "Vijana, tuwe na subira, kwani mvumilivu hula mbivu."

Yaani khanga ni hatari kuliko lifti ya mtu usiyemjua, gizani, kwa binti wa miaka 15? Mabinti tunawaambia kila siku wasipokee lifti. Lifti, chipsi, nauli ya bodaboda, ndiyo milango wanayopitia wanaowawinda. Halafu hadithi inayokwenda mikononi mwao inasema panda, utafika salama. Nimewaandikia mara kadhaa waitoe. Jibu ni moja: "Mhariri ana haki ya kuboresha."

---

Mzee_Kalamu

Pole dada. Nimehariri hadithi za vijana miaka mingi, na kosa la lifti lisingepita mezani kwangu. Lakini kwa ufundi, kubwa zaidi ni kwamba wamemnyang'anya Zuhura uamuzi. Kijana anasoma ili aone mwenzake akiamua jambo, hata vibaya, na akilipia uamuzi huo. Akija mtu mzima kumaliza shida, Zuhura anageuka abiria ndani ya hadithi yake mwenyewe. Na ule ufunguo walioufuta ndio uliokuwa unamfanya asiweze kusubiri tu. Bila ufunguo, kuchelewa kufika nyumbani ni kero. Ukiwepo, kila gari linalomwacha linamuumiza msomaji.

Mwisho wako sikubaliani nao sana. Ningeandika sentensi moja zaidi, konda afanye kitu.

---

Ngosha_wa_Mjini

Mnajuaje ni jioni? Mwanga wa asubuhi na wa jioni kwenye picha ni ule ule. Huenda dada umeandika hadithi ya saa kinyume.

---

KondaMstaafu

@Ngosha mwanga peke yake kweli unaweza kukudanganya, ila stendi haidanganyi. Asubuhi Makumbusho watu wanashuka, magari yanakuja yamejaa na kuondoka na nafasi. Jioni ndiyo watu wanagombania kupanda. Huyo wa dirishani hawezi kuwa wa asubuhi pale.

Kuhusu wanafunzi niseme ukweli wangu. Gari lina hesabu ya tajiri, lazima jioni ifike, na mafuta juu yake. Ukijaza wanafunzi kumi umekosa nauli kamili kumi, na fidia hakuna. Sisemi ni haki, na kumkatalia mwanafunzi ni kosa, nalijua. Ila hadithi ikimfanya konda shetani, konda akiisoma ataitupa. Dada, wako alikuwaje?

---

DadaWaSinza

Kaka, wangu alikuwa anahesabu noti akiwa mlangoni na kumwambia dereva, "Bado hesabu haijatimia." Mstari huo nao wameufuta. Wamebaki na "konda katili mwenye macho mekundu".

@Mzee_Kalamu, konda akifanya kitu, basi konda ndiye anayemaliza hadithi. Nilitaka kiganja kibaki wazi ili msomaji abishane na mwenzake darasani kama wale abiria wanavyobishana.

---

Mama_Tumaini

Mabasi ya jioni ni shida sana. Mimi nilipoteza begi la nguo Ubungo enzi zile, basi la Mbeya limefika usiku, kugeuka tu begi halipo. Je, hilo jarida linapokea na malalamiko ya mizigo?

---

KondaMstaafu

Mama, pole, hapa ni hadithi ya daladala. Mabasi ya mikoani siku hizi yako Mbezi Luis.

---

Teacher_Rehema

Nafundisha kidato cha pili. Leo nimewasomea wanafunzi matoleo yote mawili, hili la jarida na huu muhtasari wako, bila kusema lipi ni la nani. Kwa la lifti, binti mmoja aliuliza, "Kwani huyo mama alijuaje kwao?" Wengine wakanyamaza. Kwa la khanga kelele zilianza kabla sijamaliza. Wavulana wengi walikuwa upande wa konda, sikutegemea.

Ila dada, hiyo khanga na mimi inanipa shida kidogo. Kesho wakiijaribu na konda akawashusha njiani usiku, je?

---

DadaWaSinza

Mwalimu, hilo nimelifikiria, na ndiyo maana nilimweka abiria mmoja anayesema, "Ukimshusha hapa, unanishusha na mimi." Hakuna uhakika atasikilizwa. Nauweka muswada wangu wote hapa leo usiku, neno kwa neno, na tangu sasa yule Zuhura wa kwenye gari zuri si wangu. Nimewapa jarida hadi Ijumaa waondoe jina langu. Wasipoondoa, mwenye kujua taratibu za haki ya mwandishi aje, nahitaji kujua naanzia wapi.