Muuzaji wa mashine ya kuchuja maji ametudanganya kuhusu floraidi, sasa meno ya mtoto mdogo yanaoza

Waungwana, naandika nikiwa na hasira. Binti yangu ana miaka 9, na meno yake ya mbele ya ukubwani yameota yakiwa na mabaka ya kahawia. Muuzaji mmoja wa mashine za kuchuja maji hapa Dar es Salaam alipoyaona alidai papo hapo kwamba yamesababishwa na maji ya bomba, akatuuzia mashine ya mkaa na taa, kisha akatushauri tuache dawa ya meno yenye floraidi. Leo mdogo wake wa miaka 4 ametoboka magego mawili, na mabaka ya dada yake yako palepale.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuuliza mtoto alikulia wapi. Tulihama Arumeru binti akiwa na miaka 5, na kisima tulichokunywa huko kilipimwa kikakutwa na miligramu 6 za floraidi kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza zisizidi 1.5. Enameli ya meno yale hujengeka ndani ya taya katika miaka michache ya mwanzo, kwa hiyo hitilafu iliingia huko, ikasubiri jino liote. Mashine iliyonunuliwa Tabata ingefuta nini? Isitoshe, taa huua vijidudu tu, na mkaa wa kawaida hauondoi floraidi kwa kiasi cha maana. Nadai fedha zangu, naye hapokei simu.

Mkazi wa Mbezi: Pole sana dada. Hata hivyo floraidi ni sumu. Arumeru nimeona watoto wenye miguu iliyopinda. Ni heri kuiepuka kabisa, na maji uyachemshe.

Daktari wa meno mstaafu: Miguu uliyoiona, ndugu yangu, inaweza kutokana na maji yenye floraidi nyingi yaliyonywewa kwa miaka, mara nyingi pamoja na magadi ya kupikia. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floraidi hubaki. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa, kama unaotengenezwa Ngurdoto, nao ukishashiba lazima ubadilishwe. Maji ya Mto Ruvu yana floraidi kidogo, hivyo mtoto wa Dar anaihitaji kwenye mswaki ili enameli istahimili asidi ya bakteria. Huyo wa miaka 4 apakiwe dawa ya ukubwa wa punje ya njegere, ateme, asimeze. Magego yazibwe mapema.

Mjukuu wa Singida: Shikamoo daktari. Bibi yangu ana meno ya kahawia tangu utotoni, na sasa mgongo umekakamaa. Je, ni floraidi?

Daktari wa meno mstaafu: Marahaba. Inawezekana, lakini uzee nao hukakamaza mgongo. Apigwe picha ya eksirei, na maji ya kisima chake yapimwe.

Mwanzisha uzi: Ahsante daktari, dawa ya meno imerudi nyumbani. Risiti ya mashine ninayo. Aliyewahi kurudishiwa fedha aeleze alianzia ofisi gani.