Mamangu na nyanyangu wote wana baridi yabisi, mbona dawa si moja?

BintiMajengo: Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 46, hupika mahamri ya kuuza. Miezi hii akiamka vidole havikunjiki, unga nakanda mimi, na mikono humlegea kama saa nne hivi. Nyanyangu naye magoti yamemsumbua miaka. Hupaka diklofenaki, humeza panadoli, basi. Sasa daktari kamwandikia mama methotreksati. Jirani kamwambia ni dawa ya saratani, amekataa katakata, ataka za nyanya.

MvuviLikoni: Hiyo yuriki asidi. Aache nyama. Na ni kweli, dawa hiyo hutibu saratani.

NesiTudor: Yuriki asidi mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu, ghafla usiku. Binti, ni vifundo vipi vinavyovimba?

BintiMajengo: Vile vinavyoungana na kiganja, mikono yote miwili, pamoja na vifundo vya mikono. Karibu na kucha hana kitu. Na huchoka sana.

NesiTudor: Hapo ndipo anapoachana na nyanya. Goti la nyanya limelika gegedu. Akiamka hukakamaa dakika chache, hazifiki 30, kisha huuma zaidi akipanda ngazi. Vidoleni, ugonjwa wake hupenda vifundo vya karibu na kucha na mzizi wa kidole gumba. Mamako kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani ya viungo, ndiyo maana asubuhi hupita zaidi ya saa nzima hajalegea. Diklofenaki itampunguzia maumivu huku mfupa ukiendelea kuliwa. Methotreksati huituliza kinga yenyewe. Kwa nyanya haina kazi; yeye afaa mazoezi ya kukaza misuli ya paja, na kupunguza uzito kama amezidi.

Saratani hupewa dozi kubwa zaidi. Hii ni vidonge vichache, siku MOJA kwa wiki. Andikeni siku hiyo kwenye pakiti, maana anayeimeza kila siku huweza kufa. Aulize asidi foliki, na apimwe damu na ini kila mara. Kama bado anaweza kushika mimba, amwambie daktari kabla. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12. Wengi huiacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi.

MamaKisauni: Mimi nilivimba vivyo hivyo baada ya chikungunya ya 2018. Miezi mingi, kisha ikaisha bila hiyo dawa.

NesiTudor: Hoja nzuri hiyo. Binti, alipata homa kali kabla? Na alipimwa damu kwa kipimo cha ugonjwa huu, anti-CCP?

BintiMajengo: Homa sikumbuki. Karatasi yaonyesha kipimo cha damu cha RF tu, nacho hakikuonyesha ugonjwa.

MvuviLikoni: Si nilisema!

NesiTudor: RF hukosekana kwa wagonjwa wengi tu, kwa hiyo bado anaweza kuwa na ugonjwa huo. Rudini na karatasi hiyo, muulize kuhusu anti-CCP na chikungunya. Lakini msikae miezi mkingoja.

BintiMajengo: Amekubali kurudi Jumatatu. Kumeza bado hajakubali.