Kukataa kotesheni ya sapulaya bila kuua dili: kati ya hizi meseji tatu mngetuma ipi?

StooYetu
Wakuu habari za kazi. Nina kotesheni ya maboksi ya kufungashia, elfu tano, tabaka tatu, yamechapwa rangi mbili. Sapulaya ninayemtaka kwa ubora ndiye aliye juu. Ukichukua bei ya yule wa chini kabisa kuwa 100 basi huyu wangu ni 114, na anataka nusu ya pesa kabla hajaanza kazi. Bosi kasema kwa bei hiyo hatusaini. Sasa mi sitaki kumpoteza maana oda kama hii itajirudia, ila pia siwezi kumkalia kimya, na kotesheni yake inaisha baada ya siku 30. Nimeandika meseji tatu, nisaidieni kuchagua:

A: "Asante kwa kotesheni. Kwa sasa bei iko juu ya bajeti yetu, hatutaendelea nayo. Tutawasiliana siku zijazo."

B: "Asante kwa kotesheni. Tunaweza kuchukua kwa pungufu la asilimia 12, ukikubali tunatoa oda leo."

C: "Asante kwa kotesheni. Kwa bei hii hatuwezi kutoa oda. Kabla hatujafunga, tungependa kujua ni kitu gani kwenye bei kinaweza kushuka tukibadilisha rangi, idadi au namna ya kulipa."

mama_oda
B bila kufikiria mara mbili. Taja namba yako, akikubali umeshinda, akikataa unarudi unachukua ile ya mwanzo, hupotezi chochote. Wauzaji wanaheshimu mtu anayejua anachotaka, hizo za "tungependa kujua" zinawapa nafasi ya kukuzungusha wiki nzima.

Kipimo_Sawa
Kabla ya meseji, hebu niulize, hizo kotesheni mbili umezilinganisha kwa msingi mmoja? Ya 114 ina usafiri mpaka stoo kwako? Na ya 100 je?

StooYetu
Ya 114 inafika mpaka stoo. Ya 100 tunajichukulia kiwandani kwao, gari tumekadiria itaongeza kama 6.

Kipimo_Sawa
Basi pengo lako si 14, ni 114 dhidi ya 106, yaani kama asilimia saba na nusu. Ungemwomba asilimia 12 ungekuwa unamtaka ashuke chini ya mshindani wake, ukimsindikiza na maneno "ukikubali tunatoa oda leo", na mtu anayejua gharama zake angekuona hujapiga hesabu. Angalia pia uzito wa karatasi, zile gramu kwa mita ya mraba, maana tabaka tatu za huyu si lazima ziwe tabaka tatu za yule. Kama kotesheni ya bei rahisi haijaandika gramu, bado hujui unalinganisha nini na nini.

Chapa_na_Boksi
Mi nipo upande wa pili, nauza. Kuna mteja alinikatalia bidhaa zikiwa zimeshashushwa eti bei kubwa wakati oda alisaini mwenyewe, mpaka leo hajalipa. Ukishapokea mzigo usikatae kwa kisingizio cha bei jamani, inaumiza.

StooYetu
Pole sana ndugu. Ila hapa bado hatujatoa oda wala kupokea kitu, ni kotesheni tu.

Chapa_na_Boksi
Aah nimeelewa, nilisoma haraka. Basi kwa kotesheni, mi meseji kama A nikiipata nafunga faili siku hiyohiyo. Karatasi niliyokuwa nimemwekea huyo mtu nampa mwingine, na akirudi baada ya mwezi namtengenezea bei mpya kwa gharama za siku hiyo. Sina kinyongo naye, ni kwamba ameniambia hatutaendelea. Hiyo "tutawasiliana" kila mtu anaiandika, hatuihesabu.

Wakala_wa_Mikataba
Nimefanya manunuzi na kuandika mikataba miaka mingi, naomba nikae kidogo kwenye alichosema mama_oda, maana nusu yake ni kweli na nusu inaweza kukugharimu.

Kweli ni kwamba namba iliyo wazi inaharakisha mazungumzo. Lakini "akikataa unarudi unachukua ile ya mwanzo" haipo hivyo. Kwenye nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza hili lilishaamuliwa 1840, kesi ya Hyde na Wrench. Mwuzaji alitaka pauni 1,000 kwa shamba lake, mnunuzi akasema 950, mwuzaji akakataa, ndipo mnunuzi akasema haya basi naikubali ile 1,000. Mahakama ikasema hakuna mkataba, maana kwa kutaja 950 alikuwa ameshaikataa 1,000 na haipo tena mezani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauziano ya bidhaa ya kimataifa wa 1980 nao uko hivyohivyo: jibu linalobadilisha bei linahesabika kuwa ni kukataa pamoja na ofa mpya, na ofa iliyokataliwa imekufa hata kama tarehe yake haijaisha. Kwa hiyo A inaua ofa, na B inaua ofa. Ile siku 30 mnayoitegemea inaondoka na meseji yenu wenyewe.

C inategemea umeiandikaje. Kuna kesi nyingine ya 1880, Stevenson na McLean, ya biashara ya chuma. Mwuzaji alitaja bei yake kwa pesa taslimu, mnunuzi akapiga telegramu kuuliza kama angekubali kupeleka mzigo kwa muda wa miezi miwili, au kama hapana muda mrefu kabisa ambao angetoa ni upi. Mwuzaji akaichukulia kuwa ni kukataa, akawauzia watu wengine. Mahakama ikasema lile lilikuwa swali tu, ofa ilikuwa bado hai. Sasa tazama C yako. Sehemu ya kuuliza nini kinaweza kushuka ni swali, safi kabisa. Ila umeanza na "kwa bei hii hatuwezi kutoa oda", na hiyo mtu anaweza kuisoma kuwa umekataa, halafu swali likawa mazungumzo mapya.

Cha kujua pia, kotesheni nyingi si ofa ya kumfunga mwuzaji tangu mwanzo. Kama chini ameandika bei inaweza kubadilika bila taarifa, au kwamba oda ni mpaka yeye athibitishe, basi hakuna cha kuua na wasiwasi huu wote unapungua. Soma yale maandishi madogo ya chini kwanza.

mama_oda
Sawa kiongozi, hilo la kufa kwa ofa sikulijua. Ila kwenye maisha ya kawaida nani anapelekana mahakamani kwa maboksi? Sapulaya anayetaka pesa atakuuzia tu.

Wakala_wa_Mikataba
Mara nyingi atakuuzia, kweli, wala sisemi mwende mahakamani. Ninachosema ni kwamba karatasi ikipanda bei wiki hiyo huna la kumshikia, na yeye anajua huna. Chapa_na_Boksi kashasema hapo juu anachofanya.

Rejista
Kwa hiyo mtu anayetaka kukataa KWELI bei lakini mlango ubaki, aandikeje? Maana bosi wake kasema hatusaini.

Wakala_wa_Mikataba
Hapo kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Kama tarehe haijaisha na ungependa kuwa na uwezo wa kuirudia bei yake, usikatae bado, uliza. Kama umeshaamua bei hiyo hutailipa kamwe, basi kataa waziwazi, lakini kataa bei, usimkatae mtu wala kazi yake, na umpe kitu cha kushika: sababu moja ya kweli, kinachoweza kubadilika, na tarehe. Kwa StooYetu ningeandika hivi:

"Habari za kazi. Asante kwa kotesheni ya maboksi 5,000. Sampuli zako zimetupendeza na ndiyo maana tunakurudia wewe kwanza. Tukijumlisha usafiri kwa kila mmoja, bei yako bado iko juu ya tulichoidhinishiwa, na kwa jinsi ilivyo hatutaweza kutoa oda hii. Tungependa kuona bei mpya ukitutenganishia gharama ya pleti na daisi na bei ya boksi lenyewe, na ukituonyesha tofauti ya rangi moja badala ya mbili, kwa karatasi ileile. Tunafanya uamuzi Ijumaa ijayo. Ukipata nafasi kabla ya hapo tutaisoma."

Ona kwamba sijataja mshindani wala bei yake. Kotesheni ya mtu ni ya siri yake, na ukiitembeza leo huyu uliyemwonyesha anajua kesho ya kwake nayo itatembezwa. Na usiseme una bei ya chini kama huna, maana sapulaya anaweza kukuambia basi nenda kachukue.

Chapa_na_Boksi
Hilo la pleti ndilo lenye hela. Kwenye oda ya kwanza wengi tunazigawa pleti za kuchapia na daisi ya kukatia ndani ya bei ya kila boksi, na elfu tano ni chache kuzibeba. Usipouliza, oda ya pili unaweza kuzilipa tena wakati zimeshatengenezwa. Rangi moja inaondoa pleti moja na muda wa kuseti mashine. Mteja akiniuliza hivyo najua anaelewa kazi, nakaa chini napiga hesabu upya. Akiniambia tu punguza 12, napunguza kweli lakini natafuta pa kuirudishia, na pa kwanza ni karatasi.

Kipimo_Sawa
Hapo ndipo pa kuwa macho. Bei ikishuka ghafla bila kitu kubadilika kwenye maelezo, mwambie aandike gramu za kila tabaka kwenye kotesheni mpya, na mkipokea mzigo pimeni boksi moja kwenye mzani mlilinganishe na sampuli.

mama_oda
Mi bado naona kutotaja namba kabisa ni kumwacha gizani. Atarudi na asilimia 2 halafu mtarudishana wee. Angalau mpe kiwango, mwambie tuko karibu tukifika hapa.

Wakala_wa_Mikataba
Hilo tunaweza kutofautiana. Mi namba naiweka raundi ya pili, baada ya kuona mchanganuo, maana kabla ya hapo sijui kama naomba kidogo kuliko alichokuwa tayari kutoa. Ila muda ukiwa mfupi kama wa StooYetu, kutaja mapema si kosa.

StooYetu
Wakuu nashukuru sana. Nimesoma chini ya kotesheni, kweli imeandikwa oda ni mpaka wao wathibitishe, kwa hiyo nimetuma ile ya mwisho asubuhi. Amejibu mchana. Ametenganisha pleti na daisi, zimekuwa malipo ya mara moja ambayo ukiyagawa kwa maboksi yote yanafika 5, boksi lenyewe limekuwa 107 kwa rangi mbili na 103 kwa rangi moja, karatasi ileile ameandika gramu. Malipo ya mwanzo hajayagusa, bado nusu. Kwa oda hii jumla ni 112 au 108, lakini inayofuata itakuwa 107 au 103 na usafiri ndani.

Rejista
Yule wa 106 naye kwenye oda ya pili bei inashuka? Ulimuuliza kuhusu pleti?

StooYetu
Bado, ndiyo namwandikia sasa hivi. Ila hii ya nusu mbele inanitatiza, mngeiomba ishuke kwenye meseji hiihii au niisubirishe mpaka bei ikae?

mama_oda
Pamoja. Bei na malipo ni kitu kimoja.

Chapa_na_Boksi
Subiri. Ile nusu ndiyo ninayonunulia karatasi, ukiigusa nami naigusa bei.