Naomba ushauri: mti wa panda mbili, nipime wapi?

Habari za kazi wakuu. Tuko Sikonge, Tabora, tunapima miti kwenye pori la miyombo. Kipimo cha kipenyo hatuna, tunatumia futi ya fundi cherehani: tunazungusha shinani mita 1.3 kutoka ardhini, kisha mzingo tunagawa kwa 3.14. Jana mninga ulitoa sentimita 97, nikaenda nyuma yake nikakuta futi imeshuka upande wa pili. Kuinyoosha, ikasoma 94. Yaani kipenyo kilikuwa 30, siyo 31. Futi ikilala mshazari huwa inazidisha tu, haipunguzi.

Hilo tumelimaliza. Kinachotugombanisha ni mtundu mmoja uliogawanyika panda kwenye mita 1.1, chini kidogo ya kipimo. Panda moja ina mzingo wa 66, nyingine 82. Mwenzangu kajumlisha, 148, akaandika kipenyo cha 47. Mimi nimekataa, kwa sababu chini ya panda penyewe, shina likiwa bado moja, mzingo ni 126, kipenyo 40 tu! Nimeandika mashina mawili, 21 na 26, kwa namba moja ya mti.

Sasa kiongozi wa kikosi anataka namba moja tu kwenye fomu. Nikijumlisha vipenyo kwa mraba kisha nikatafuta kipeuo cha pili, napata 33.5. Je, niandike hiyo, au nimng'ang'anie akubali mistari miwili? Mliowahi kupima miyombo mnafanyaje?