Mzee anaanzisha wimbo kabla sijapata do. Wapiga kinanda mnafanyaje?

Kinanda_Kibosho
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Napiga kinanda kwenye usharika mmoja wa KKKT huku Moshi. Nyimbo za kwenye ratiba hazinisumbui, tunazipitia Jumamosi na kwaya. Shida ni ibada ya kwanza, ile ya saa 1 asubuhi. Mhubiri akimaliza anabadilisha wimbo palepale, na kabla sijafungua kitabu mzee wa kanisa ameshauanzisha. Jumapili iliyopita wimbo ninaoupiga do ikiwa G aliuanza chini sana. Nikagusa F haikai, E haikai, na kila nilichogusa kilisikika kanisa zima. Waumini wakagawanyika, wengine kwangu, wengine kwa mzee, nikaona heri ninyamaze. Kumkataza siwezi, ni mtu mzima na anaimba kwa moyo. Nishaurini.

Teno_wa_Ngarenaro
Mkuu, si kuna Transpose? Baki na vidole vyako vya G, bonyeza kushuka mpaka ufanane nao. Mimi sihangaiki na vitufe vyeusi kabisa.

MamaKwaya_Himo
Mwanangu, mimi ndiye huwa naanzisha kwetu, kwa hiyo nakujibu kwa niaba ya huyo mzee. Saa 1 asubuhi koo halijafunguka. Do ikiwa G, wimbo ukifika la tunakaza shingo, na wanaume wanaacha kabisa kuimba. Hakuharibu, aliwahurumia watu.

Nota_Nne
Mama amesema jambo kubwa. Teno yuko sawa nusu. Transpose inafaa ukishajua unashuka ngapi, lakini haikuambii ni ngapi. Ukiibonyeza huku unapiga, kila hatua inasikika na watu wanayumba zaidi.

Ubeti wa kwanza waachie. Shusha volyumu mpaka ukisikie wewe tu. Usitafute katikati ya mstari, maana hapo hujui kama unachosikia ni mi au so. Sikiliza mwisho wa ubeti, kwa sababu nyimbo nyingi za kitabuni zinatua kwenye do. Ishike ile sauti kwa kuivumisha ukiwa umefumba mdomo, kisha gusa kitufe kimoja cha besi. Tuseme imekaa Eb. Kutoka G kushuka hadi Eb ni hatua nne ukihesabu na vitufe vyeusi, kwa hiyo Transpose -4, na vidole vyako vya G vinabaki vilevile. Ubeti wa pili ingia na besi peke yake kwa mstari mzima. Ikikubali, ongeza mkono wa kulia na volyumu. Wimbo ukiisha rudisha 0 hapohapo, la sivyo kwaya ikisimama utawaanzishia chini na besi watakosa pa kushukia.

Dereva_Usa
Samahani kuingilia. Kwa kanisa dogo ninunue kinanda gani, chenye biti nyingi au cha kawaida?

Kinanda_Kibosho
@Dereva_Usa ndugu, anzisha uzi wake, utapata majibu mazuri. @Nota_Nne asante sana mwalimu. Sasa, nikigusa besi na haikai popote? Nahisi siku ile walikuwa katikati ya vitufe viwili.

Nota_Nne
Inatokea sana. Mtu anayeanzisha bila kinanda hana sababu ya kuangukia kwenye kitufe. Ukiingia Tuning ukatoa 440 ukaweka karibu na 427, umeshuka nusu ya umbali wa kitufe na kitufe, lakini wimbo wa beti tatu utaisha bado uko kwenye menyu. Mimi nasubiri wavute pumzi mwisho wa ubeti, napiga do-mi-so kwa nguvu kwenye kitufe cha juu kilicho karibu, kisha napiga mstari wa mwisho wa wimbo kama utangulizi. Wanahamia. Nachagua cha juu kwa kuwa watu wasio na kinanda huzidi kushuka kadiri beti zinavyoenda.

MamaKwaya_Himo
Hapo cha juu sikubaliani nawe, mwalimu. Asubuhi chukua cha chini. Ukituinua sisi tuliokwisha kukaa, tunasikia tumekatazwa.

Nota_Nne
Mama, ukichukua cha chini, ubeti wa nne besi hawasikiki. Ila nakubali inategemea wimbo unapanda hadi wapi.

Teno_wa_Ngarenaro
Na wakivuta wimbo? Kwetu wakati wa sadaka wanavuta mpaka unataka kulala.

Nota_Nne
Usiwasubiri. Wao wanasubiri sauti yako, wewe unasubiri yao, kila mstari unazidi kurefuka. Achia vitufe mapema mwisho wa mstari, wape nafasi ya kupumua, kisha anza unaofuata kwa wakati wake. Besi ipige oktavu mbili kwa pamoja, hiyo ndiyo wanayoifuata wakiwa wengi.

Kinanda_Kibosho
Nimeanza kuandika do kwa penseli kando ya kila namba ya wimbo, ya asubuhi na ya ibada ya pili. Jumapili nitajaribu kitufe cha juu kwanza, nitamsikiliza mzee anavyopokea.